Dada yangu ameletewa samansi atoe ushahidi dhidi ya mumewe. Anaweza kukataa?

Mtoto wa Mwisho (mleta mada)
Wakuu, salaam. Shemeji yangu alikuwa mtunza stoo wa kampuni moja hapa Tanzania bara. Mwaka jana walihesabu mali wakakuta betri za sola zimepungua. Polisi wakaja kwake usiku, wakakuta betri 6 chini ya kitanda. Kesi ni ya wizi wa mtumishi, iko mahakama ya wilaya, yeye yuko nje kwa dhamana.

Juzi dada yangu, ambaye ndiye mkewe, kaletewa samansi. Anatakiwa kama shahidi wa upande wa mashtaka! Usiku ule wa upekuzi alisaini karatasi ya vitu vilivyochukuliwa, na kesho yake aliitwa kituoni akaandikisha maelezo. Alisema mume alizileta kwa bajaji saa sita usiku na kumwambia asimwambie mtu. Sasa hataki kwenda kumkandamiza mumewe, ila anaogopa kuwekwa ndani. Afanye nini?

Dodoki
Simple tu. Mke na mume ni kitu kimoja, kwa hiyo mke HAWEZI kutoa ushahidi dhidi ya mumewe. Asiende. Akifuatwa aoneshe cheti cha ndoa. Mada ifungwe.

Nyuki Mkali
Dodoki wewe utawafungisha watu. Samansi ni amri ya mahakama. Asipoonekana bila sababu, hakimu anatoa hati ya kumkamata, na hapo atalala ndani kwa kosa ambalo hata si la mumewe.

Karani Mstaafu
Nimekaa mahakamani miaka mingi kabla ya kustaafu, nikaona hili likiharibika mara nyingi. Natumia namba za vifungu za toleo la 2019.

Kifungu cha 130 cha Sheria ya Ushahidi hakisemi mke hawezi. Kinasema anafaa kuwa shahidi wa mashtaka, lakini halazimishwi. Dodoki ameshika nusu. Maana yake dada aende siku iliyoandikwa. Akiitwa, apande kizimba cha shahidi. Hakimu atamwuliza jina, umri, dini, kazi, na hapo ndipo aseme wazi, "Mshtakiwa ni mume wangu." Baada ya maneno hayo mzigo unahamia kwa hakimu. Lazima amweleze kwamba anaweza kusema au kukataa, na lazima aandike kwenye mwenendo wa kesi kwamba amemweleza. Asipoandika, ushahidi ule haupokeleki. Kwenye rufaa unafutwa kana kwamba hakuwahi kusimama pale.

Akishaelezwa, kama hataki, aseme hataki. Anashuka na kwenda zake nyumbani.

Mtoto wa Mwisho (mleta mada)
Asante sana mzee wangu. Sasa swali: shemeji anasema yeye kama mume "anamkataza" asitoe ushahidi. Je, akimkataza mbele ya hakimu inatosha?

Karani Mstaafu
Haitoshi, na hapa wanaume wengi hukosea. Haki hii ni ya dada yako, si ya shemeji. Kama dada ameamua kusema, mume hata apige kelele kizimbani hawezi kumzuia. Na kama dada hataki, mwendesha mashtaka naye hana la kumfanya. Mume anaangalia tu.

Wakili wa Nairobi
Nawasalimu kutoka ng'ambo ya mpaka. Kwetu Kenya mambo yamegeuzwa. Kifungu cha 127 cha Sheria yetu ya Ushahidi kinasema mke au mume wa mshtakiwa haitwi kuwa shahidi ila mshtakiwa mwenyewe akiomba. Kwa hiyo kwetu ufunguo uko mikononi mwa mshtakiwa. Isipokuwa mashtaka yakiwa ya kuoa mke wa pili kinyume cha sheria, makosa ya Sheria ya Makosa ya Kingono, au kosa lililomgusa mwenzi mwenyewe, mali yake au watoto wao. Hapo anaweza kuitwa na kulazimishwa, mshtakiwa apende asipende. Kesi hii ya betri ingekuwa Kenya, shemeji angenyamaza tu na mke asingeitwa kabisa.

Nyuki Mkali
Kwa hiyo Kenya mume ndiye anaamua mke aseme au asiseme? Wenzetu mna mfumo dume hadi kwenye ushahidi 😂

Wakili wa Nairobi
Mke akishtakiwa, mume naye hafungui mdomo bila idhini ya mke. Ni sawa kwa sawa. Lakini ndiyo, hoja yako ina uzito. Lengo la zamani lilikuwa kulinda ndoa, na ukilinda ndoa kwa kumpa mmoja funguo zote unajikuta umemlinda mtu zaidi ya ndoa.

Bi Tausi
Samahani naingilia. Mimi nina kesi ya talaka na mgawanyo wa mali, mume wangu naye anaweza kukataa kujibu maswali kwa sababu ni mume wangu?

Karani Mstaafu
Hapana dada, hiyo ni kesi ya madai. Huko mume na mke ni mashahidi kama watu wengine na wanaweza kuitwa. Haya tunayojadili ni pale mmoja anaposhtakiwa kwa jinai.

Bi Tausi
Sawa, nimeelewa. Ngoja nifuatilie hivyo hivyo, uzi mtamu.

Msaka Haki
Mleta mada, hujajibu jambo moja la muhimu. Wana ndoa ya aina gani? Maana umesema "mkewe" na Dodoki kakurupuka na cheti.

Mtoto wa Mwisho (mleta mada)
Hapo ndipo penye kizungumkuti. Hawajafunga ndoa kanisani wala bomani. Wanaishi pamoja mwaka wa nne sasa, wana mtoto mmoja, mtaa mzima unajua ni mke na mume. Mahari ilitolewa nusu, nusu nyingine "inakuja".

Dodoki
Aaah! Basi huyo ni hawara, kifungu hakimhusu. Kazi kwisha.

Msaka Haki
Pole pole. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke wakithibitika kuishi pamoja miaka 2 au zaidi kwa namna ambayo jamii inawajua kama mke na mume, itachukuliwa kuwa wameoana kihalali, mpaka mtu athibitishe kinyume. Hawa wana miaka zaidi ya hiyo, mtoto, mtaa unawajua. Mimi naona kifungu cha 130 kinamfunika.

Nyuki Mkali
Mimi naona tofauti. Kifungu cha 160 kiliwekwa ili mwanamke asitupwe mikono mitupu wakiachana. Kukitumia kuficha ushahidi wa jinai ni kukivuta mpaka kichanike. Na neno "mpaka mtu athibitishe kinyume" lipo. Mwendesha mashtaka akionyesha kwamba mahari haijaisha na wazee wa upande wa mke bado wanasema "binti yetu hajaolewa", dhana inaanguka.

Karani Mstaafu
Nyote mna hoja. Nitaongeza kwamba kifungu cha 130 hakimtaki hakimu awe na uhakika wa ndoa kabla ya kumwonya shahidi. Kinasema mtu ambaye mahakama *ina sababu ya kuamini* ni mke au mume, na kinataja hata mmoja wa wake kwenye ndoa ya wake wengi. Hakimu mwenye busara, akisikia "tunaishi pamoja miaka minne na tuna mtoto", anamwonya na kuandika. Haimgharimu kitu. Asipomwonya halafu Mahakama ya Rufani ikaona ilikuwa ndoa, ushahidi wote wa mke unatupwa.

Lakini kumwonya ni jambo moja, na kumruhusu akatae ni jingine. Kama mwendesha mashtaka atapinga kuwa hakuna ndoa, hakimu atalazimika kuamua palepale.

Wakili wa Nairobi
Mjadala huu una umri mrefu kuliko sisi sote. Mwaka 1917, katika kesi ya Amkeyo, Jaji Mkuu Hamilton wa koloni letu alikataa kuiita ndoa ya kimila ndoa. Aliiona ni kama kununua mwanamke. Kwa hiyo mwanamke aliyekuwa shahidi mkuu dhidi ya Amkeyo hakuhesabiwa mke, na ushahidi wake ukapokelewa. Leo sheria yetu inasema waziwazi kwamba ndoa ya kimila inahesabika. Ila ukisoma hoja ya Nyuki Mkali kuhusu nusu ya mahari, unamsikia Hamilton kwa mbali 😄

Nyuki Mkali
Usinifananishe na mkoloni bwana! Mimi sisemi ndoa ya kimila si ndoa. Nasema ndoa ya kimila ina hatua, na hatua moja bado. Hata wazee wetu wangesema hivyo.

Msaka Haki
Wazee gani? Kwetu ukishatoa kishika uchumba na ukakaa na binti mpaka mtoto azaliwe, huyo ni mkeo, deni la mahari ni deni tu kama madeni mengine.

Nyuki Mkali
Kwenu. Kwetu watakuja kumchukua binti na mtoto.

Kisu Butu
Mimi naleta kisa changu, maana mnazungumzia mke tu na kumsahau mshtakiwa. Nilishakamatwa kwa tuhuma za kughushi stakabadhi. Asubuhi saa mbili nipo chini ya ulinzi, maelezo ya onyo nikaja kuandikwa jioni giza linaingia. Askari alinisomea haraka haraka kwamba "si lazima useme", halafu hapohapo akaniambia "ila ukisema utatoka leo". Nikasema kila kitu. Mahakamani wakili wangu alisimama kupinga, akasema sheria inatoa saa 4 tangu kukamatwa, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba muda uliongezwa. Upande wa mashtaka wakadai muda mwingi ulikuwa wa kunisafirisha. Hakimu akauliza: umbali gani? Kilometa chache, kwa gari. Maelezo yakakataliwa.

Karani Mstaafu
Kisa kizuri sana, na wakili wako alipiga panapouma. Kifungu cha 50 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinatoa saa 4, na cha 51 kinaruhusu kuongeza mpaka saa 8 nyingine kwa utaratibu. Muda wa kusafirishwa hauhesabiwi, ndiyo maana walikimbilia huko. Usisahau pia kwamba kifungu cha 169 kinampa hakimu hiari ya kupima uvunjaji ulikuwa mkubwa kiasi gani. Si kila kuchelewa kunatupa maelezo nje. Kwako yale maneno "ukisema utatoka leo" nayo yalikuwa sumu.

Dodoki
Sasa shemeji kwenye kesi ya betri si anyamaze tu mpaka mwisho? Haki ya kukaa kimya. Mke kanyamaza, mume kanyamaza, betri zijieleze zenyewe 😂😂

Karani Mstaafu
Betri 6 chini ya kitanda zinajieleza vizuri kuliko unavyodhani! Mke akikataa, bado kuna askari aliyepekua, kuna mjumbe aliyeshuhudia upekuzi, kuna hati ya kukamata mali yenye saini ya mume na mke, na kuna mtu wa kampuni atakayetambua betri zile kwa namba zilizobandikwa. Ushahidi wa mke ulikuwa wa kuziba pengo moja, nalo ni nani alizileta na saa ngapi.

Na kimya cha mshtakiwa bara kina bei. Upande wa mashtaka ukifunga na akaonekana ana kesi ya kujibu, hakimu anamweleza haki zake chini ya kifungu cha 231: ajitetee kwa kiapo, bila kiapo, au akae kimya. Akichagua kimya, kifungu hichohicho kinairuhusu mahakama kuona ubaya katika kimya chake, na mwendesha mashtaka anaruhusiwa kulisema hilo.

Wakili wa Nairobi
Tofauti nyingine hiyo. Kwetu kimya kimo ndani ya Katiba, Ibara ya 49 unapokamatwa na Ibara ya 50 wakati wa kesi, na kifungu cha 127 kinamkataza mwendesha mashtaka kusema neno juu ya mshtakiwa kutopanda kizimbani.

Msaka Haki
Ndiyo maana nasema haki ya kimya huku kwetu ni haki yenye mwiba. Unaruhusiwa kunyamaza, halafu unaulizwa mbona umenyamaza.

Karani Mstaafu
Mwiba upo, lakini haukui peke yake. Kimya hakiwezi kuziba shimo la upande wa mashtaka. Kama hawakuthibitisha kwamba betri zile ni za kampuni, mshtakiwa akinyamaza mpaka kesho haziwi za kampuni.

Mama Salma
Na yule mtoto wao? Mleta mada umesema wana mtoto. Kama aliona baba anashusha betri?

Mtoto wa Mwisho (mleta mada)
Ana miaka mitatu tu mama. Ila mume ana binti wa miaka 9 kwa mama mwingine, anaishi nao. Yeye hajaandikishwa maelezo.

Mama Salma
Mimi mwanangu aliitwa akiwa darasa la tatu, kesi ya jirani. Hakimu alimwuliza anasali wapi, anajua kusema uongo ni nini, kisha mtoto akaahidi kusema ukweli. Hakula kiapo. Hapo nilishangaa sana.

Karani Mstaafu
Alifuata marekebisho ya 2016. Mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, lakini lazima aahidi kusema ukweli na si uongo. Kesi ya Godfrey Wilson ya 2018 ilieleza kwamba hakimu amwulize maswali mepesi kwanza. Na huyo binti wa miaka 9 msimsahau: kinga ya kifungu cha 130 ni ya mke na mume tu. Mtoto hana kinga dhidi ya baba yake. Wakimtaka, wanaweza kumwita.

Bi Tausi
Jamani! Mke anakingwa lakini mtoto analazimishwa kumsema baba yake? Hiyo siielewi kabisa.

Msaka Haki
Hata mimi sijawahi kuielewa. Wengine husema ndoa ni mkataba unaoweza kuvunjika na undugu wa damu hauvunjiki. Wengine husema watunga sheria waliogopa kesi za wazazi kuumiza watoto zikose shahidi.

Nyuki Mkali
Hoja ya pili haisimami. Kesi za kuumiza watoto zimeshatolewa kwenye kinga. Mume akidhuru mtoto wao au akifanya makosa ya maadili ya Sura ya 15 ya Kanuni ya Adhabu, mke analazimishwa. Kwa hiyo wangeweza kumkinga mtoto na kuacha mlango uleule.

Mtoto wa Mwisho (mleta mada)
Wakuu nimerudi. Jana ilikuwa tarehe ya kesi. Dada alikwenda, kesi ikaahirishwa, upande wa mashtaka wakasema shahidi wao mwingine anaumwa. Lakini mwendesha mashtaka alimwambia dada nje kwamba hata akikataa kusema haidhuru, "maelezo yako tunayo, tutayasoma." Na shemeji kapewa karatasi yenye nakala ya maelezo hayo. Hii ni kweli?

Dodoki
Basi kwishney. Karatasi haina ndoa.

Karani Mstaafu
Hiyo karatasi ndiyo habari kubwa ya uzi huu. Wanataka kupitia kifungu cha 34B, kinachoruhusu maelezo ya maandishi ya mtu asiyefika mahakamani. Lakini kina masharti, na yote yatimie. Sharti moja ni kwamba aliyeandika awe amekufa, au hali yake ya mwili au akili hairuhusu, au yuko nje ya nchi, au ametafutwa hakupatikana, au sheria inamzuia kuhudhuria. Wao watang'ang'ania hilo la mwisho, wakisema kifungu cha 130 kimemzuia.

Msaka Haki
Hakimzuii! Alikuwepo mahakamani jana kwa miguu yake. Kinampa hiari ya kutosema. Kama wangeruhusiwa kusoma karatasi kila mke anapokataa, kifungu cha 130 kingebaki pambo.

Nyuki Mkali
Naungana na Msaka Haki, leo tu, msizoee. Ila mwendesha mashtaka atasema alipoandika maelezo kituoni alikuwa hiari yake, na wajibu wa kuonya uko kwa mahakama, si kwa askari. Hapo ana hoja.

Mtoto wa Mwisho (mleta mada)
Dada anauliza pia, akiamua kusema machache tu, kwamba hakuona vizuri kwa sababu ya giza, halafu akataa maswali mengine?

Wakili wa Nairobi
Hapo atajichoma. Kwenye kesi ya Pitt ya Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilisemwa kwamba mke akishachagua kusema anakuwa shahidi kama wengine. Haibani Tanzania, lakini mantiki yake ni ngumu kuikwepa. Akisema "sikuona" wakati karatasi inasema aliona bajaji, mwendesha mashtaka ataomba atangazwe shahidi mkaidi na kumhoji kwa maelezo yake mwenyewe. Na kudanganya chini ya kiapo ni kosa lake, si la mume. Achague moja, aseme au asiseme.

Karani Mstaafu
Kabisa. Mleta mada, rudi kwenye ile karatasi. Shemeji aliipokea lini hasa? Sharti jingine la 34B ni kwamba upande wa pili ukipinga kwa maandishi ndani ya siku 10 tangu kupokea nakala, maelezo hayapokelewi kwa njia hiyo, hatuhitaji hata kubishana kuhusu "sheria inamzuia". Na siku zinahesabiwa tangu alipopewa, si tarehe iliyopigwa juu ya karatasi.

Mtoto wa Mwisho (mleta mada)
Alipewa jana hiyohiyo, akasaini kupokea. Yeye alidhani ni risiti ya dhamana.

Karani Mstaafu
Basi kesho asubuhi aipeleke kwa wakili. Pingamizi liandikwe, wapewe mashtaka na nakala kwa hakimu, na yake abaki nayo ikiwa imegongwa muhuri wa kupokelewa.

Dodoki
Na amalizie mahari kabisa, hakimu akiuliza asione aibu.